Magunia ya aina tatu katika safu moja: uchambuzi wa kisa cha ghala la korosho Mtwara

Kisa hiki kilitokea katika chama kimoja cha msingi mkoani Mtwara, msimu wa korosho ukiwa umeshika kasi. Jina la chama, wilaya na wahusika nimeviondoa, na mpangilio wa kumbukumbu nimeurahisisha kidogo ili hesabu zifuatike. Nilishirikishwa kukagua programu ya kifaa cha kuweka kumbukumbu za magunia baada ya malalamiko ya kwanza kufika ofisini. Nakiandika kwa ajili ya vijana wanaounda vifaa vidogo kama hiki, kwa sababu tatizo lake linaonekana jepesi kitabuni lakini linauma likiingia ghalani.

## Hali ilivyokuwa

Mkulima akifika na korosho, gunia hupimwa kwenye mzani, kisha mkaguzi wa ubora hutamka moja kati ya mambo matatu: daraja la kwanza, daraja la pili, au lirudi likaanikwe tena kwa sababu korosho bado zina unyevu. Zamani karani aliandika yote haya kwenye daftari. Msimu huo kijana mmoja fundi wa hapo wilayani aliwaundia kifaa cha kuweka kumbukumbu hizo, akitumia Arduino Uno iliyounganishwa na mzani.

Ubongo wa Arduino Uno ni chipu ya ATmega328P, ambayo kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni baiti 2,048 tu. Kwa hiyo fundi aliongeza chipu ya nje, AT24C256, yenye nafasi ya baiti 32,768 na isiyopoteza kilichoandikwa umeme ukikatika. Kila gunia alilipa baiti 8: mbili za namba ya gunia, mbili za namba ya mkulima, mbili za uzito, moja ya daraja na moja ya kuhakiki. Alitenga nafasi ya magunia 3,000, yaani baiti 24,000.

Kabla ya mzigo kupelekwa ghala kuu kusubiri mnada, orodha ilitakiwa ipangwe. Magunia ya daraja la kwanza yakae pamoja na ya daraja la pili yakae pamoja, kwa sababu kila kundi hutumwa peke yake kama kipande kimoja kisichokatika. Yaliyorudishwa yakae mwisho kabisa, ili yafutwe kwa kupunguza tu hesabu ya magunia yaliyomo na nafasi zao zipokee magunia mapya.

## Njia zilizofikiriwa

Fundi alianza na wazo ambalo wengi wetu tungeanza nalo: kufungua safu ya pili tupu, kusoma ya kwanza, na kunakili kila gunia mahali pake. Halikuwezekana. Safu ya pili ingehitaji baiti nyingine 24,000, na kwenye chipu ya nje zilikuwa zimebaki 8,768 tu. Ndani ya Arduino yenyewe hata sehemu ya kumi ya orodha isingeenea.

Wazo la pili lilikuwa kuhesabu. Ukijua kuna magunia mangapi ya kila daraja, unaandika upya safu nzima: la kwanza mara kadhaa, la pili mara kadhaa, na kuendelea. Njia hiyo ni nzuri pale ambapo safu ina alama tupu. Hapa kila alama ya daraja imebeba namba ya gunia, namba ya mkulima na uzito. Ukiandika upya alama peke yake, unakuwa umemvika gunia la Fulani daraja la Fulani mwingine.

Wazo la tatu lilikuwa kupita mara mbili. Mara ya kwanza unatenga daraja la kwanza na mengine yote, mara ya pili unatenga la pili na yanayorudi. Linafanya kazi, wala halihitaji nafasi ya ziada. Lakini chipu ya nje huongea na Arduino kwa waya mbili za I2C, kwa mwendo wa kilohezi 100, na kusoma rekodi moja ya baiti 8 huchukua takriban milisekunde 1.1. Kusoma magunia 3,000 ni zaidi ya sekunde tatu, na mzunguko wa pili unasoma upya karibu yote ambayo hayajatulia. Fundi alitaka kila gunia lisomwe mara moja, liamuliwe, basi.

Njia inayofanya hivyo inajulikana kwa waandishi wa programu kama tatizo la bendera ya Uholanzi. Mholanzi Edsger Dijkstra aliliandika mwaka 1976: una vitu vya rangi tatu, nyekundu, nyeupe na bluu, vimechanganyika katika mstari mmoja, nawe unatakiwa kuvipanga kama rangi za bendera hiyo zinavyofuatana, kwa kubadilishana nafasi tu na kwa kukiangalia kila kitu mara moja. Fundi aliichagua, na uamuzi huo ulikuwa sahihi.

## Njia yenyewe

Tutumie herufi: K kwa daraja la kwanza, P kwa la pili, R kwa yanayorudi. Katika toleo la kwanza fundi alitaka K mbele, P katikati, R nyuma. Safu inagawanywa kwa alama tatu. Alama `b` ni mahali eneo la mbele linapokoma. Alama `i` ni gunia linaloangaliwa sasa. Alama `h` ni gunia la mwisho ambalo bado halijulikani.

```
nafasi:  0 .. b-1 | b .. i-1 | i .. h       | h+1 .. n-1
yaliyomo:    K    |    P     | haijulikani  |     R
```

Mchoro huu ndio unaobeba kila kitu. Mwanzoni eneo lisilojulikana ndilo safu nzima na mengine matatu ni matupu. Kila hatua inalipunguza eneo hilo kwa gunia moja bila kuharibu maeneo mengine. Likiisha, kazi imeisha.

Gunia lililopo `i` likiwa P, liko mahali pake tayari, kwa hiyo `i` inasogea. Likiwa K, linabadilishana na lililopo `b`, kisha `b` na `i` zote zinasogea. Likiwa R, linabadilishana na lililopo `h`, na `h` inarudi nyuma hatua moja. Ni hapo kwenye R ndipo kisa chetu kilipoanzia.

## Yaliyotokea

Msimbo uliofungwa kwenye kifaa ulikuwa huu:

```c
while (i <= h) {
  uint8_t d = daraja(i);
  if (d == K)      badilisha(b++, i++);
  else if (d == P) i++;
  else             badilisha(i++, h--);
}
```

Mstari wa tatu na wa tano wa msimbo huu inafanana mno, na nadhani mfanano huo ndio uliomvutia fundi. Akabadilisha nafasi, akasogeza alama zote mbili. Alijaribu na magunia mawili, akageuza kila namna, yakapangika. Akajaribu na magunia matano ya kubuni, yakapangika pia. Kifaa kikaanza kazi.

Siku chache za kupokea mzigo zilipita bila neno. Halafu mkulima mmoja alikuja na karatasi yake ya mzani inayoonyesha daraja la kwanza, wakati orodha iliyopelekwa ghala kuu ilimhesabia gunia hilohilo daraja la pili. Bei za madaraja haya hazilingani, na mkulima yule alikuwa na haki ya kuja juu. Karani, mzee aliyeshika daftari la chama kwa miaka mingi, alifungua rekodi ya gunia kwenye kifaa chenyewe. Baiti ya daraja ilisema K. Rekodi ilikuwa sahihi, ila ilikuwa imelala katika eneo la P, na anayetuma kipande cha P hasomi tena baiti ya daraja, anaamini mahali.

Fundi alipoitwa alishuku mzani, kisha akashuku waya. Ilikuwa rahisi kuamini hivyo, maana kati ya magunia mengi sana yalikuwa yamekosewa machache tu, na hitilafu ya msimbo watu wengi huitegemea iharibu kila kitu.

Kosa lilikuwa kwenye `i++` ya mstari wa tano. Unapobadilishana na `b`, unajua kinachokujia: kilichokuwa `b` ni P ambalo umeshaliangalia, au ni gunia lilelile kama `b` na `i` zimekaa pamoja. Kwa hiyo ni salama kusonga mbele. Unapobadilishana na `h`, kinachokujia kinatoka katika eneo lisilojulikana. Hakuna aliyekitazama. Ukisogeza `i`, umekiruka na kukiacha katika eneo la P bila kukiuliza ni nani.

Tazama kwa magunia matatu: P, R, K. La kwanza ni P, `i` inakwenda nafasi ya 1. Hapo ni R, linabadilishana na la mwisho, safu inakuwa P, K, R, na `h` inarudi 1. Msimbo mbovu unaipeleka `i` hadi 2, kitanzi kinakoma, na K imebaki nyuma ya P. Ndilo gunia la mkulima yule. Mfano wa pili ni R, P, R. La kwanza linabadilishana na la mwisho, ambalo nalo ni R, kwa hiyo nafasi ya 0 bado ina R, lakini `i` imeshaondoka. Gunia lenye unyevu linakwenda ghala kuu kama daraja la pili.

Sasa angalia kwa nini majaribio ya fundi hayakuliona. Magunia mawili yanaweza kupangwa kwa namna 9, na msimbo mbovu unazipanga zote 9 sawasawa. Magunia matatu yana namna 27, na msimbo mbovu unakosea mbili tu, hizo mbili nilizozionyesha. Mara nyingine gunia lililorukwa huokolewa na hatua inayofuata, na mara nyingine lililokuja kutoka nyuma lilikuwa P, ambalo mahali pake ni palepale. Anayebuni mifano kwa mkono anaweza kupita pembeni ya zile mbili bila kujua kama zipo.

## Marekebisho ya kwanza

Kuondoa alama mbili za jumlisha kulichukua muda mfupi. Kilichochukua muda ni kukubaliana namna ya kuthibitisha. Tuliandika programu ndogo kwenye kompyuta ya mapajani, safu ikiwa ndani ya kumbukumbu ya kawaida, inayotengeneza kila mpangilio unaowezekana wa K, P na R kuanzia gunia moja hadi magunia manane. Jumla yake ni mipangilio 9,840, na inamalizika kabla hujavuta pumzi ya pili.

Kila mpangilio ulikaguliwa kwa maswali mawili. La kwanza, je, K zote ziko mbele ya P zote na P zote mbele ya R zote? La pili, je, namba za magunia zilizotoka ni zilezile zilizoingia, hakuna iliyopotea wala iliyojirudia? Swali la pili watu hulisahau. Msimbo unaofuta safu nzima na kuandika K tupu unafaulu swali la kwanza bila shida yoyote.

Majaribio hayo yaliibua jambo jingine ambalo hatukulitegemea. Fundi alikuwa ametangaza `h` kama `uint16_t`, namba isiyo na hasi. Magunia yote yakiwa R, `h` hushuka hadi 0, kisha hushuka tena. Namba isiyo na hasi haiwezi kuwa -1. Inaruka hadi 65,535, sharti la `i <= h` linaendelea kutimia, na programu inaanza kubadilishana na nafasi zisizo za safu. Ghalani siku ya R tupu huenda isitokee, lakini orodha yenye gunia moja ambalo ni R inaweza kutokea asubuhi yoyote. `h` ikageuzwa kuwa `int`.

## Umeme ulipokatika

Baada ya marekebisho hayo orodha zilikuwa sahihi, ila kazi ilikuwa ya polepole, na upole huo ulileta tatizo la pili.

Kuandika kwenye AT24C256 ni tofauti na kuandika kwenye kumbukumbu ya kawaida. Baada ya kupokea baiti, chipu inaweza kuchukua hadi milisekunde 5 kuzikaza, na muda huo haiongei na mtu. Kubadilishana magunia mawili kunahitaji kusoma moja zaidi na kuandika yote mawili, jumla takriban milisekunde 13. Msimu ule, katika magunia 3,000, kama 2,100 yalikuwa K, 600 P na 300 R. Kila K ilidai kubadilishana, kila R vilevile. Hesabu inafika mara 2,400, ambazo ni sekunde 31, ukijumlisha kusoma unakaribia sekunde 35.

Katika sekunde hizo, siku moja, umeme ulikatika. Kifaa kilipowaka tena, karani aliita:

"Mwanangu, hebu njoo. Hili gunia mbona limo mara mbili?"

"Shikamoo mzee. Mara mbili vipi?"

"Marahaba. Namba moja, uzito mmoja, mkulima mmoja, mistari miwili. Na lile lililokuwa jirani yake silioni kabisa."

Mzee alikuwa ameona kwa jicho lake kile ambacho msimbo ulifanya. Kubadilishana ni kuandika mara mbili. Umeme ulikatika baada ya mwandiko wa kwanza na kabla ya wa pili. Gunia A lilikuwa limeshaandikwa juu ya B, na B lilikuwa limebaki ndani ya Arduino tu, ambako umeme ukienda nalo linakwenda. Daftari ndilo lililomrudisha B.

## Maamuzi mawili yaliyofuata

La kwanza lilikuwa kutenga ukurasa mmoja wa chipu kuwa shajara. Kabla ya kila kubadilishana, rekodi zote mbili, nafasi zao mbili na baiti ya kuhakiki huandikwa hapo. Zote zinatosha ndani ya ukurasa mmoja wa baiti 64, kwa hiyo ni mwandiko mmoja. Kubadilishana kukikamilika, shajara inafutwa kwa mwandiko mwingine. Kifaa kikiwashwa kinaangalia shajara kwanza. Ikiwa nzima, kinaandika upya rekodi zote mbili mahali zilipotakiwa kufika. Hata kama zilikuwa zimeshafika, kurudia hakudhuru. Ikiwa mbovu, maana yake umeme ulikatika wakati wa kuiandika au kuifuta yenyewe, na safu haina kubadilishana kulikoishia nusu. Alama `b`, `i` na `h` hazihitaji kuhifadhiwa. Kazi inaanza upya toka nafasi ya 0, kwa sababu safu iliyopangwa nusu ni safu kama nyingine yoyote.

Gharama yake ni kwamba kubadilishana mara moja sasa ni miandiko minne badala ya miwili. Hapo ndipo uamuzi wa pili ulipopata uzito, na kwangu mimi ndio moyo wa kisa hiki.

Tazama tena ile njia. K inadai kubadilishana. R inadai kubadilishana. P haidai chochote, `i` inasogea tu. Eneo la katikati halina gharama. Na nani alisema K lazima ikae mbele? Ghala kuu halikujali kipande cha K kinaanzia nafasi gani, mradi ni kipande kimoja. Sharti pekee la kweli lilikuwa R iwe mwisho. Kwa hiyo tukaweka P mbele na K katikati:

```c
int b = 0, i = 0, h = n - 1;
while (i <= h) {
  uint8_t d = daraja(i);
  if (d == P)      badilisha(b++, i++);
  else if (d == K) i++;
  else             badilisha(i, h--);
}
```

Magunia 2,100 ya K hayabadilishani tena kwa ajili yao wenyewe. Zinabaki P 600 na R 300, jumla 900 badala ya 2,400. Bila shajara kazi ingeshuka kutoka sekunde 35 hadi 15 hivi. Na shajara ikiwemo, miandiko ya siku ni 3,600, pungufu ya 4,800 iliyokuwapo mwanzo bila shajara yoyote. Tulipata usalama, na bado kazi ikapungua.

Tuifuate kwa magunia manane, namba ya gunia ikitangulia daraja: 1K 2R 3K 4P 5K 6K 7P 8R.

La kwanza ni K, tunasonga. La pili ni R, linakwenda nafasi ya mwisho na 8R linakuja mahali pake. Hatusongi. 8R nalo ni R, linakwenda nafasi inayofuata kutoka nyuma, na 7P linakuja. Bado hatujasonga, na hapa ndipo msimbo wa kwanza ungekuwa umeshaondoka. 7P linabadilishana na 1K lililoko mbele, sasa tunasonga. 3K, tunasonga. 4P linabadilishana na 1K, ambalo sasa liko nafasi ya pili toka mbele. 5K na 6K tunapita, na `i` imevuka `h`. Matokeo:

```
7P 4P | 3K 1K 5K 6K | 8R 2R
```

Tumeangalia mara nane kwa magunia manane, tukabadilishana mara nne. Idadi ya kuangalia haiwezi kuzidi hapo, kwa sababu kila hatua ama inaongeza `i` ama inapunguza `h`, na pengo kati yao ni `n`.

## Kilichobaki kuwa kigumu

Mfano huo huo unaonyesha udhaifu ambao njia hii haiwezi kuuponya. Magunia ya daraja la kwanza yaliingia 1, 3, 5, 6, yametoka 3, 1, 5, 6. Ya daraja la pili yaliingia 4 kisha 7, yametoka 7 kisha 4. Mpangilio wa kufika umevurugika ndani ya kila kundi, na mzee wetu hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Yeye huhakiki orodha dhidi ya daftari kwa kidole, mstari kwa mstari, na namba zikiruka hana pa kushika.

Fundi alipendekeza kila kundi lipangwe tena kwa namba baada ya kugawanywa. Nilimkatalia. Kupanga kundi la magunia 2,100 kwa kubadilishana kwenye chipu hii kungeleta upya maelfu ya miandiko tuliyotoka kuiondoa. Tulichofanya ni kubadili mfuatano wa kazi. Orodha ya karani inachapwa kabla ya kugawanya, kwa utaratibu wa kufika, daraja likiwa limeandikwa pembeni ya kila gunia. Kugawanya kunafuata, kwa ajili ya kutuma na kufuta peke yake. Aliye na shida ya orodha ya kusoma tu, bila kutuma vipande wala kufuta, asiiguse safu kabisa. Apite mara tatu, kila mara akichapa daraja moja. Atasoma zaidi, ila hataandika baiti hata moja na mpangilio wake utabaki.

## Nini kilifanya kazi, nini kilishindwa

Uchaguzi wa njia ulikuwa sahihi toka mwanzo. Kilichoshindwa mwanzoni ni kuichukua kama mistari mitano ya msimbo bila ule mchoro wa maeneo manne. Mwenye mchoro mbele yake anapoandika mstari wa R hujiuliza gunia linalokuja kutoka `h` linaingia eneo gani, na jibu linamzuia kusogeza `i`. Asiye nao anategemea mfanano wa mistari, na mistari hii inafanana kwa sura huku kazi zake zikitofautiana.

Kilichoshindwa mara ya pili ni kudhani kubadilishana ni kitendo kimoja. Ndani ya kumbukumbu ya kawaida dhana hiyo haiumizi, kwa kuwa umeme ukikatika safu nzima inakufa pamoja. Kwenye kumbukumbu inayodumu, nusu ya kitendo nayo inadumu.

Kuhusu maisha ya chipu, ukurasa wa shajara ndio unaochakaa zaidi, maana unaandikwa mara 1,800 kila safu nzima inapogawanywa, wakati AT24C256 inahimili miandiko milioni moja kwa kila mahali. Hiyo ni zaidi ya mara 500 za kugawanya safu iliyojaa. Kwa msimu mmoja inatosha kabisa, na tulimwonyesha fundi jinsi ya kuhamishia shajara ukurasa mwingine kila msimu mpya.

Yako mambo mawili tuliyoyaongeza mwishoni. Kifaa sasa kinahesabu K, P na R gunia linapopokelewa, jambo ambalo halina gharama, na kabla ya kugawanya kinalinganisha K na P. Iliyo nyingi ndiyo inayowekwa katikati. Mvua zikiwahi na korosho zikaharibika mashambani, P inaweza kuzidi, na mpangilio ulioufaa msimu huu ungekuwa mzigo. R inabaki mwisho hata ikiwa nyingi, kwa sababu ya kufutwa.

La pili ni kwamba hesabu hizo zinatumika tena baada ya kugawanya. Katika mpangilio wa P, K, R, `b` lazima ilingane na idadi ya P, na `h + 1 - b` lazima ilingane na idadi ya K. Zisipolingana kifaa kinakataa kutuma. Ulinganisho huu peke yake ungelikamata kosa la kwanza kila lilipotokea. Katika msimbo ule mbovu eneo la mbele na la nyuma yalibaki safi siku zote, kwa kuwa hakuna kinachoingia humo bila kuangaliwa. Gunia lililorukwa lilikuwa na mahali pamoja tu pa kujificha, eneo la katikati, na kila lilipoingia humo lilizidisha hesabu ya katikati kwa moja.